Buluu ya Gairo, Wekundu wa Forodhani

Kila Machi na Septemba, siku ambazo mchana na usiku hulingana, jua huzama magharibi kamili. Ukiwa Forodhani, Unguja, na ramani ya Tanzania mkononi, weka rula kutoka Mji Mkongwe uielekeze magharibi moja kwa moja. Itavuka bahari, itaingia bara mahali fulani kati ya Saadani na Bagamoyo, itapita kwenye milima ya Nguru, kisha Gairo, hadi Dodoma, mji ulio karibu kwenye latitudo ileile ya Unguja. Jua linapogusa maji jioni hiyo, mwale unaoingia jichoni mwako umefuata mstari huo. Na kwa kuwa dunia ni mviringo ilhali mwale huenda karibu umenyooka, kadiri unavyourudisha nyuma ndivyo unavyoukuta juu zaidi: kwenye Nguru uko kimo cha kilomita 2 na nusu hivi kutoka usawa wa bahari, Gairo karibu 5, na Dodoma 10 au zaidi kidogo, huko zinakopita ndege za masafa marefu.

Saa sita mchana mwale wa jua hushuka kutoka juu na kulivuka tabaka zito la hewa kwa kilomita chache tu. Jioni unalazimika kusafiri ndani yake kwa mamia ya kilomita. Tofauti ya jua jeupe la utosini na jua jekundu la magharibi imo katika urefu wa safari hiyo, si katika jua lenyewe. Jua halibadiliki chochote. Mtu wa Kigoma, wakati wewe unaliona jekundu, bado analiona jeupe linalochoma macho, na itapita zaidi ya nusu saa kabla halijawa jekundu kwake.

Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba anga ni la buluu kwa sababu linaakisi bahari. Maelezo hayo yanaweza kumridhisha mtu wa pwani, lakini Gairo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka baharini na anga lake ni la buluu safi, tena mara nyingi kuliko la pwani. Ukweli umegeuzwa chini juu: bahari ndiyo inayoazima sehemu ya rangi yake kutoka juu, ingawa maji mengi nayo yana buluu kidogo ya kwao wenyewe, maana hula wekundu wa mwanga unaopenya ndani yake.

Basi buluu ya anga inatoka wapi? Mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote tunazoziona kwenye upinde wa mvua. Mwanga husafiri kama mawimbi, na rangi hutofautiana kwa urefu wa wimbi. Wimbi la buluu lina urefu wa kama nanomita 450, na la wekundu uliokolea kama 700. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita, kwa hiyo mawimbi yote haya ni madogo mno. Hata hivyo molekuli za hewa, yaani nitrojeni na oksijeni, ni ndogo zaidi ya mara elfu kuliko wimbi lolote kati ya hayo. Udogo huo ndio siri ya jambo zima.

Wimbi la mwanga linapoipitia molekuli, huzitikisa elektroni zake. Elektroni inayotikiswa nayo hutoa mwanga, wa rangi ileile iliyoitikisa, lakini hauelekei kule wimbi lilikokuwa likienda. Unatoka pande zote. Wataalamu huita jambo hili kutawanyika kwa mwanga. Molekuli haiupaki mwanga rangi wala haibadilishi buluu kuwa nyekundu. Kazi yake ni kugeuza njia tu. Lakini haigeuzi rangi zote kwa kiasi sawa. Wimbi fupi hutikisa mara nyingi zaidi kwa sekunde, na nguvu ya mwanga unaotawanywa huongezeka kwa kasi kubwa wimbi linavyopungua urefu: ukipunguza wimbi kwa nusu, mtawanyiko unaongezeka mara 16. Gawanya 700 kwa 450 upate 1.56 hivi, kisha zidisha namba hiyo mpaka iwe imejirudia mara nne: utapata karibu 6. Maana yake, katika hewa safi, buluu inatawanywa kama mara sita zaidi ya nyekundu.

Sasa inua macho mchana na utazame upande ambao jua halipo. Miale inayopita kule juu haikuwa inakuja kwako. Ilikuwa njiani kwenda kwingine. Unachokiona ni kile tu kilichogeuzwa na hewa kikaelekezwa jichoni mwako, na katika hicho buluu imezidi. Pangekuwa hakuna hewa, pasingekuwa na kitu cha kuigeuza. Wanaanga waliotua mwezini kati ya 1969 na 1972 walisimama juani mchana kweupe, na juu yao anga lilikuwa jeusi tititi.

Msomaji makini atauliza: kama mawimbi mafupi ndiyo yanayotawanywa zaidi, na zambarau ni fupi kuliko buluu, mbona anga si la zambarau? Swali hili huwashinda hata baadhi ya wanaojigamba kulijua somo hili. Kwanza, jua linatoa zambarau kidogo kuliko buluu. Pili, jicho la binadamu lina uwezo hafifu wa kuiona zambarau. Tatu, na hili ndilo lililo zito zaidi, jicho halisomi rangi mojamoja. Lina aina tatu za seli za kupokea rangi, na ubongo hulinganisha zimeguswa kiasi gani kila moja. Mchanganyiko unaoshuka kutoka angani, ukiwa na zambarau nyingi kiasi, buluu nyingi, kijani kiasi na nyekundu kidogo, huzigusa seli hizo sawasawa na vile ambavyo zingeguswa na buluu iliyochanganywa na nyeupe. Kwa hiyo tunaona buluu mpauko. Kiumbe mwenye macho ya namna nyingine angeweza kuliona anga hilihili kwa rangi tofauti.

Jibu hili halikupatikana kwa siku moja. Mnamo 1869 John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ayalandi aliyekuwa akifanya kazi London, alipitisha mwanga kwenye bomba la kioo lenye mvuke uliokuwa ukianza kugeuka chembechembe. Chembe zilipokuwa changa bado, bomba liliwaka buluu ya anga. Zilipokua, rangi ikageuka nyeupe. Miaka miwili baadaye Mwingereza John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kwa cheo cha Lodi Rayleigh, alitoa hesabu ile niliyoitaja hapo juu. Lakini chembe zenyewe ni zipi? Wengi walidhani ni vumbi au maji. Ilikuwa 1899 ndipo Rayleigh alipohitimisha kwamba hata vumbi lote likiondolewa, molekuli za hewa peke yake zinatosha kulifanya anga liwe buluu. Katika hoja zake alitumia jambo la macho tu: kutoka maeneo ya Darjeeling, India, mlima Everest huonekana vizuri ukiwa umbali wa kilomita 160 hivi. Hewa ingekuwa inatawanya mwanga zaidi ya alivyokadiria, mlima ule usingeonekana.

Sisi tuna kipimo kama hicho. Asubuhi iliyotakata, Kilimanjaro huonekana kutoka Nairobi, kilomita 200 hivi. Theluji yake inang'aa, lakini miteremko yake ya chini huwa imevaa buluu, ingawa hakuna mwamba wala msitu wa rangi hiyo kule. Ile ni buluu ya hewa iliyojaa kati yako na mlima. Ni anga lilelile, ila umelitazama likiwa limelala.

Turudi kwenye mwale wetu wa jioni. Jua likiwa utosini, hewa safi hunyang'anya karibu sehemu moja kati ya tano ya buluu inayoshuka moja kwa moja, na kama sehemu 5 kati ya 100 tu ya nyekundu. Ndiyo maana jua la mchana hubaki jeupe: limepoteza buluu, lakini si kwa kiasi cha kulibadilisha sana. Jua likifika upeo wa macho, hewa ambayo mwale unaivuka ni kama mara 38 ya ile ya mchana.

Ifikirie hewa ya mchana kuwa ni kizuizi kimoja cha ushuru, na mwale wa jioni kuwa ni mfanyabiashara anayevipita 38 mfululizo. Mzigo wa buluu hutozwa sehemu moja ya tano katika kila kizuizi, na si ya mzigo alioanza nao, bali ya ule uliobaki. Mzigo mwekundu hutozwa 5 katika 100 kwa mtindo huohuo. Tuseme anaondoka na vipande 10,000 vya kila rangi. Baada ya kizuizi cha kwanza ana buluu 8,000 na nyekundu 9,500. Mtu hawezi kuona tofauti kubwa. Baada ya cha kumi, buluu zimebaki kama 1,070 na nyekundu karibu 6,000. Akitoka kizuizi cha 38, nyekundu alizonazo ni kama 1,400, na buluu ni mbili. Mbili, si mia mbili.

Kati ya rangi hizo mbili kuna kijani na njano, ambazo hutozwa kiasi cha katikati. Kwa hesabu hiyohiyo, njano hufika kama 500 na kijani kama 250. Changanya nyekundu 1,400 na njano 500 na kijani kidogo: ndiyo rangi ya chungwa ya jua linalozama katika hewa safi. Jua jekundu kama damu linahitaji kitu zaidi ya hewa tupu, na hilo tutalifikia.

Hesabu hii inaeleza pia kwa nini rangi hujaa haraka mwishoni. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo, mwale huvuka hewa mara mbili tu ya ile ya utosini, nalo bado ni jeupe. Likiwa nyuzi 5, huvuka kama mara 10. Kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo zile nyuzi 5 za mwisho huchukua dakika 20 tu, na katika dakika hizo hewa inapanda kutoka mara 10 hadi 38. Anayechelewa kufika ufukweni kwa robo saa amekosa karibu kila kitu. Nchi za kaskazini, ambako jua huteleza kwa mshazari, tamasha hilo huchukua muda mrefu zaidi.

Na ile buluu 9,998 iliyotozwa njiani iko wapi? Haikuharibika. Imetawanywa kando ya njia, nyingine ikarudi juu angani, nyingine ikashuka chini. Wakati unatazama jua likizama Forodhani, Dodoma bado wana jua kwa dakika 14 hivi, na Gairo kwa dakika 9. Mtu wa huko akitazama juu ya kichwa chake anaona buluu, na sehemu ya buluu hiyo imetolewa kwenye mwale uleule uliokufikia wewe ukiwa umebaki na wekundu. Unguja na Gairo wanagawana mwanga mmoja.

Ramani yetu ina faida nyingine: inaonyesha kwa nini siku nyingine machweo hufifia ingawa juu ya kichwa chako hakuna hata wingu. Mwale unapita milima ya Nguru ukiwa kimo cha kilomita 2 na nusu, na mvua inapokusanyika huko mawingu hupanda juu ya kimo hicho kwa urahisi. Yakijipanga, yanauziba mwale kilomita karibu 190 kutoka ulipo, bila wewe kuyaona vizuri. Utaliona jua likififia na kupotea kabla halijagusa maji. Kwa upande mwingine, machweo yanayokumbukwa huhitaji mawingu, ila yale membamba ya juu kabisa, kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa. Hayo huwa kwenye kimo cha kilomita 8 au zaidi, kwa hiyo jua linaendelea kuyamulika kutoka chini dakika kadhaa baada ya kukuacha wewe gizani, na mwanga unayoyafikia umeshavuka hewa nyingi mno. Yenyewe hayana rangi. Matone ya maji na vipande vya barafu vya mawingu ni vikubwa kuliko mawimbi ya mwanga, hivyo hutawanya rangi zote sawasawa. Yakipewa nyeupe hurudisha nyeupe, yakipewa nyekundu hurudisha nyekundu.

Vumbi nalo limepewa sifa isiyo yake. Husemwa kwamba hewa chafu ndiyo hupendezesha machweo. Mwisho wa kiangazi, mashamba yakichomwa na barabara zikitimka, chembe za moshi na vumbi huujaza mwale vizuizi vya ziada, na jua linaweza kuwa jekundu iliyoiva kiasi cha kulitazama bila kukunja uso. Hapo ndipo linapopatikana lile la damu. Lakini tazama anga lililolizunguka: limepauka, la kijivu kuelekea hudhurungi, halina zile tabaka za chungwa na waridi. Chembe hizo kubwa hutawanya kila rangi na kuzichafua zote. Anga zuri kuliko yote hupatikana baada ya mvua kuisafisha hewa. Kipimo rahisi ni kulitazama anga mchana: likiwa buluu nzito hadi karibu na upeo wa macho, hewa ni safi, likiwa jeupe-jeupe kama maziwa kuzunguka jua, usitarajie mengi jioni.

Kuna vumbi moja linalovunja kanuni hiyo, nalo ni la volkeno. Krakatoa ilipolipuka huko Indonesia mnamo Agosti 1883, gesi yake ya salfa ilipanda juu kuliko mvua zote na kugeuka matone madogo mno, yenye ukubwa unaokaribiana, yaliyoelea kwa miaka. Machweo yakawaka dunia nzima. Mwezi Novemba wa mwaka huo, katika jimbo la New York, wazima moto waliitwa kukimbilia moto uliokuwa ni anga tu.

Jua likishazama, watu wengi huondoka, na hapo huwa wanaliacha jambo moja lililowatatiza wanafizikia mpaka karne ya 20. Kama mwanga wote wa jioni umeshapoteza buluu, kwa nini anga la utosini hubaki buluu, tena buluu nzito kuliko ya mchana? Kwa hesabu ya Rayleigh peke yake, lingepaswa kuelekea kijivu au njano. Mnamo 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na ozoni, gesi iliyo juu zaidi, ambayo hula njano na chungwa kutoka kwenye mwanga unaoipita kwa mshazari. Mchana ozoni haina mchango wa kuonekana kwa sababu mwale huivuka upesi. Dakika 15 baada ya machweo, buluu iliyo juu ya kichwa chako kwa sehemu kubwa ni yake. Kwa hiyo anga la jioni lina buluu mbili za asili tofauti, na jicho haliwezi kuzitofautisha.

Walio upande wa mashariki wa kisiwa, Paje au Jambiani, nao hawakukosa. Wakati huohuo, juu ya bahari yao huinuka ukanda mweusi wa samawati-kijivu na juu yake mkanda wa waridi. Ule ukanda wa chini si mawingu. Ni kivuli cha dunia yenyewe kikitupwa angani, nao waridi ni mwanga wa machweo unaorudi kutoka mashariki. Ndani ya dakika chache kivuli hupanda, waridi huyeyuka, na usiku huingia kutokea baharini.

Wekundu wa magharibi hukawia zaidi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, kutoweka kwa wekundu huo ndiko kunakoingiza wakati wa Isha. Ratiba za misikiti siku hizi hukokotolewa kwa nyuzi za jua chini ya upeo, kwa kawaida 17 au 18, na kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa hilo hutoa saa moja na dakika 10 hivi baada ya Magharibi. Wanafizikia wa leo hawana tatizo na kipimo hicho cha zamani: jua likifika nyuzi 18 chini, hata hewa ya juu kabisa haimulikiwi tena vya kutosha kuonekana.

Anayetaka kuyaona haya mezani anahitaji chupa ya plastiki angavu yenye maji, tochi ya simu na maziwa yasiyo na mafuta. Zima taa, mulika chupa kutoka chini, kisha tia maziwa tone moja moja ukikoroga. Ukitazama kwa ubavu, maji yatapata ubuluu hafifu. Ukitazama kutoka juu, ukielekeana na tochi, mwanga utakuwa wa njano na kisha chungwa. Wengi hushindwa kwa sababu mbili. Hutumia maziwa ya mafuta mengi, ambayo vidonge vyake ni vikubwa na hutenda kama mawingu, au humimina kijiko kizima. Chupa ikiwa nyeupe pande zote, umezidisha: mwanga unageuzwa mara nyingi mno kabla ya kutoka, rangi zote zinachanganyika upya. Mwaga nusu, ongeza maji, rudia. Na ukiona ubuluu umekuja lakini uchungwa haujaja, usiongeze maziwa; tafuta chupa ndefu zaidi.